Mshahara umetoka ila haujakufikia: ukiukuta kwenye akaunti uliyoisahau, fuata njia hii

Mwisho wa mwezi wenzako wote kazini simu zinalia meseji za benki, yako kimya. Unafungua apu unakuta salio ni lile lile la juzi, unasubiri mpaka jioni, unasubiri mpaka kesho yake, ukimuuliza mhasibu anakwambia "mbona wewe umeshalipwa kama wengine". Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu, mtu anapandisha sauti, mhasibu naye anapandisha, mwisho wa siku hakuna aliyeangalia hela imeenda wapi.

Mimi kazi yangu ni kuandaa mishahara, kwa hiyo hivi vitu naviona kutokea upande wa pili wa dirisha, na hapa nitatumia kisa cha shemeji yangu ambaye ni mtunza stoo kwenye kampuni moja pale Barabara ya Pugu, Dar. Kisa chake kimepita karibu kila kona ambayo wewe unaweza kupita, kwa hiyo twende nacho hatua kwa hatua.

Alinipigia usiku.

"Shem, hawa jamaa wamenila mshahara."

"Wamekwambiaje?"

"Wanasema nimelipwa. Sasa nimelipwa wapi?"

"Hilo hilo kawaulize kesho, usiongeze neno. Nimelipwa wapi."

Hatua ya kwanza: chukua slipu, soma chini, usisome juu

Watu wengi wakipewa slipu ya mshahara wanaangalia kiasi tu, wakiona kiko sawa wanaikunja. Wewe shuka mpaka pale chini au pembeni ambako wameandika jina la benki na namba ya akaunti. Slipu nyingi zinaficha namba katikati zinaacha tarakimu nne za mwisho, hizo nne zinatosha. Zilinganishe na za akaunti unayotumia sasa, na usitegemee kichwa, fungua apu au toa kadi uangalie (ila namba ya kwenye uso wa kadi kwa kawaida siyo namba ya akaunti, hapo watu wanachanganya sana).

Ya shemeji ilionyesha mshahara wa 950,000, NSSF 95,000, kodi ya PAYE 91,750, mkononi 763,250. Hesabu iko sawa kabisa. Ila chini palikuwa na benki ambayo yeye hajaikanyaga tangu 2018, na tarakimu nne za mwisho alizitazama akawa hazikumbuki kabisa, mpaka mkewe akaenda kufukua kibahasha cha vyeti akakuta kadi ya zamani ya ATM imeshakufa tarehe na kikaratasi cha kufungulia akaunti kimechakaa. Zikalingana.

Kama slipu haina benki wala akaunti, au hampewi slipu kabisa, omba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 27, inamtaka mwajiri akupe mchanganuo wa maandishi wa malipo yako. Na kifungu hicho hicho kinasema mshahara ukipitia benki uingie kwenye akaunti ambayo wewe mfanyakazi umeitaja kwa maandishi. Hilo la "kwa maandishi" lishike, tutalirudia.

Hatua ya pili: omba ushahidi wa malipo, siyo maneno

Ukienda kwa mhasibu usiende na neno "sijalipwa". Yeye kwenye faili lake jina lako lipo na limewekewa tiki, kwa hiyo ukisema hujalipwa anaona unamwita mwongo. Nenda na swali. Shemeji alivyoenda ilikuwa hivi, mhasibu wao ni mama mtu mzima:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Bado ni yale ya jana?"

"Ni yale mama, ila leo naomba kitu kimoja tu, unionyeshe ule mstari wangu kwenye malipo ya benki. Tarehe, benki, namba ya akaunti, na ile namba ya kumbukumbu ya muamala."

Vitu vinne hivyo. Mshahara wa watu wengi unatumwa kwa faili moja, kila mtu ana mstari wake, jina, benki, akaunti na kiasi. Benki ya kampuni inatoa hela za watu wote kwa mkupuo halafu inazigawa, za wateja wake zinaingia hapo hapo, za benki nyingine zinapitia mfumo wa EFT. Baada ya hapo kila mstari unapewa hali yake: umefanikiwa, unasubiri, au umerudishwa. Mhasibu akikwambia "tumeshalipa" mara nyingi anamaanisha faili limeondoka, siyo kwamba mstari wako umefika. Hivyo ni vitu viwili tofauti na hapa ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Sasa soma ile hali:

Ikisema umerudishwa, tulia, hela iko kwenye akaunti ya kampuni au njiani kurudi. Wewe huna kazi benki, kazi ni ya mhasibu kukulipa upya kwenye akaunti sahihi. Inatokea kama akaunti ya zamani ulishaifunga rasmi, au namba imekosewa. Na namba kukosewa sababu yake kubwa ni Ekseli bwana. Akaunti ikianza na sifuri, mfano 0152 na kuendelea, ukiiandika kwenye kisanduku cha kawaida Ekseli inaona ni namba ya hesabu inaila ile sifuri ya mbele, inabaki 152, faili linaenda benki likiwa na namba pungufu. Wahasibu wenzangu, ile safu ya akaunti igeuzeni kuwa maandishi kabla hamjabandika chochote. Ukigeuza baada ya kubandika umechelewa, sifuri haijirudishi yenyewe.

Ikisema unasubiri, angalia kalenda. Ijumaa jioni, wikiendi au sikukuu inaweza kulala njiani mpaka siku ya kazi inayofuata.

Ikisema umefanikiwa, hiyo ndiyo ya shemeji. Hela imefika mahali, mahali hapo pana jina lako, na benki ile imekubali kuipokea. Hapo mwajiri kukulipa mara ya pili ni ngumu sana, na kusema kweli hata mimi nisingekulipa, maana hela yako unayo, ila umefungiwa nje ya mlango.

Kwa nini imetokea, maana usipojua itatokea tena mwezi ujao

Hili muulize mhasibu siku hiyo hiyo, usisubiri. Shemeji alifanya kazi kampuni ile kuanzia 2014 akilipwa kupitia benki ya zamani, akaondoka 2018, akarudi 2022 akiwa na akaunti mpya benki nyingine, akalipwa vizuri tu miaka miwili. 2024 kampuni ikabadilisha mfumo wa mishahara. Wakati wa kuhamisha taarifa, mfumo mpya ulikuta watu wawili wenye namba moja ya NSSF, kumbe ni yeye yule yule, rekodi ya kwanza na rekodi ya kurudi, ukaziunganisha na ukashika ya kwanza.

Namna ya kujua kama ni hilo limekupata na wewe ni rahisi: angalia kama kuna vitu vingine vya zamani vimefufuka. Shemeji kwenye slipu aliandikwa msaidizi wa stoo, cheo alichoacha zamani. Mwenzake mmoja ambaye naye aliondoka akarudi, alikuta anakatwa saccos ambayo alishajitoa. Yaani ukiona akaunti ya zamani imerudi, usiishie kwenye akaunti, pitia slipu nzima, namba ya NSSF, TIN, cheo, makato, na kama wana fomu ya mrithi waombe uione, unaweza kukuta bado ni mtu uliyemwandika wakati hujaoa.

Halafu andika barua fupi au jaza fomu ya kubadili akaunti, upya, hata kama uliwahi kuijaza. Weka jina kamili, namba ya mfanyakazi, benki, tawi, namba ya akaunti, tarehe, sahihi, na ambatanisha stetimenti au karatasi ya benki inayoonyesha jina na namba, ili mtu asije akanakili kwa mkono akakosea. Toa nakala, nakala yako igongwe muhuri wa imepokelewa. Shemeji alikuwa nayo ile ya 2022 yenye muhuri, na ndiyo iliyomfanya yule mama abadilike sura akasema "sawa baba, hapa kosa ni la kwetu, tusaidiane". Asingekuwa nayo wangeanza kubishana nani alisema nini.

Ulizia pia siku ya kufunga mishahara, maana kila ofisi ina tarehe ambayo ikipita hakuna kubadilisha kitu kwenye mwezi huo. Ukipeleka barua baada ya hapo, mwezi ujao utaenda kule kule tena, kwa hiyo mwambie mhasibu akutoe kwenye faili la pamoja akulipe peke yako mpaka mfumo urekebishwe.

Hatua ya tatu: kabla ya kwenda benki, jua akaunti yako iko kwenye hali gani

Akaunti isiyoguswa muda mrefu benki wanasema imelala. Kulala maana yake, kwa benki nyingi, kuingia hela inaruhusiwa, kutoka hairuhusiwi mpaka mwenyewe uje uiamshe. Ndiyo maana mshahara ulizama bila kelele. Benki nyingine akaunti iliyolala inakataa hata kupokea, hela inarudi kwa mwajiri, na hiyo kwako ni nafuu.

Sasa kuna vitu vitatu vinaweza kuwa vinakusubiri ndani humo na ni bora uvijue ukiwa bado nyumbani.

Cha kwanza ni makato ya mwezi. Ulivyoondoka uliacha vihela, benki ikaendelea kukata ada ya uendeshaji mpaka salio likaisha, nyingine zinaendelea hata chini ya sifuri mpaka akaunti ihesabiwe imelala. Mshahara ukiingia unaanza kuziba shimo.

Cha pili ni mkopo. Kama uliwahi kukopa kwa dhamana ya mshahara ukaondoka kazini bila kumaliza, mfumo wa benki bado unakumbuka hata kama wewe umesahau. Siku mshahara unapita tena pale, unakatwa rejesho, saa nyingine na malimbikizo. Ukiwa na hili usijifanye hujui, nenda na maandalizi ya kuomba utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, na uombe mchanganuo wa deni kwa maandishi kabla ya kusaini chochote. Na yule anayefikiria kumwambia mwajiri aivute ile hela irudi kimya kimya, benki ikishaikata huwa haivutiki.

Cha tatu ni sahihi ya mtu mwingine. Akaunti ya pamoja, na mwenza mliyeachana au na ndugu mliyekuwa na biashara, inaweza kutaka muende wote wawili. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Kama mwenzio hapatikani, hii ndiyo hali ambayo mwajiri aiandikie benki yake haraka kuomba malipo yarudishwe kwa kuwa yalitumwa kimakosa, na wewe uandike ridhaa yako, maana benki iliyopokea kwa kawaida haichomoi hela kwenye akaunti ya mteja kwa sababu tu mtumaji kaomba.

Hilo ombi la kurudisha hata kwa akaunti ya kawaida lipo, ila chagua njia moja. Ama mwajiri aivute, ama wewe ukaitoe. Ukifanya zote mbili, unaweza kuwa umeshaitoa na mwajiri kashakulipa tena akitegemea inarudi, halafu mwezi ujao unakuta umekatwa mshahara mzima na huna pa kulalamikia. Shemeji na yule mama walikubaliana kwa meseji iliyoandikwa kabisa: anaenda kuitoa mwenyewe, kampuni haitumi ombi.

Hatua ya nne: benki, na hapa ndio pana kazi

Beba kitambulisho cha NIDA, au namba yake ile ya tarakimu 20 kama kadi haijatoka, kadi ya zamani ya benki hata kama imekufa, karatasi yoyote yenye namba ya akaunti, picha ndogo za pasipoti, barua ya mwajiri au ya serikali ya mtaa, slipu, na ule ushahidi wa malipo. Pigia tawi kwanza uulize kama wanaamsha akaunti za matawi mengine, nyingi zinaamsha ila zipo zinazokurudisha ulikofungulia, na kama ulifungulia Songea na sasa uko Dar unaelewa kwa nini nasema upige kwanza.

Usipange foleni ya keshia. Nenda dawati la kastama kea, sema unataka kuamsha akaunti iliyolala. Mimi nilimsindikiza shemeji, dada wa dawati akaingiza namba akatazama skrini.

"Kaka, hii akaunti imelala."

"Ndio nimekuja kuiamsha dada."

"Sasa hapa ulifungulia kitambulisho cha mpiga kura, na namba ya simu iliyopo inaishia na 47. Bado unaitumia?"

Shemeji akanigeukia. Ile laini alishaiacha zamani, hakuisajili kwa alama za vidole, na zile laini ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Namba iliyoachwa muda mrefu mtandao unaweza kumuuzia mtu mwingine. Kwa maana hiyo ile meseji ya "umepokea TZS 763,250" kuna mtu huko mtaani inawezekana aliipata, akashangaa, labda akafurahi kidogo. Kuisoma meseji siyo kuitoa hela, bila namba ya siri haingii, lakini jina lako na benki yako anazijua na hapo anapata pa kuanzia kukupigia akijifanya ni benki.

Kwa hiyo fanya kwa mpangilio huu: namba ya simu ibadilishwe kwanza, huduma ya benki kwa simu iliyofungwa na laini ya zamani ifutwe, ndipo akaunti iamshwe. Ukiamsha kwanza halafu ukasema simu utabadilisha siku nyingine, umefungua mlango huku funguo moja iko kwa mtu usiyemjua. Na katika kipindi chote hiki mtu akikupigia kwamba anatoka benki, anashughulikia mshahara wako, umtajie tarakimu zilizotumwa kwenye simu, kata.

Baada ya simu ni taarifa zako, wanachukua namba ya NIDA na alama ya kidole. Hapa kuna mawili ya kusumbua. Moja ni jina. Ulifungua kwa majina mawili NIDA ina matatu, au huku ni Athumani kule ni Athuman. Tofauti ndogo mara nyingi wanarekebisha pale pale kwa fomu, tofauti kubwa wanataka hati ya kiapo kutoka kwa wakili, na siku yako imeishia hapo. Lingine ni sahihi. Shemeji 2014 alisaini kwa kuandika jina zima kama mtoto wa darasa la tatu, siku hizi anachora mkunjo mmoja tu, dada akamwambia "hii hailingani kaka", ikabidi ajaribu ile ya zamani pembeni kwenye karatasi, akaiweza kiasi, halafu ndiyo akajaza kadi mpya ya sahihi. Ukipewa nafasi ya kujaza mpya, jaza ile utakayoweza kuirudia ukiwa na haraka.

Kuamsha kwenyewe ni fomu na mkubwa wa tawi kuidhinisha. Kuna benki inakamilika hapo hapo, kuna benki wanakwambia urudi siku ya kazi inayofuata. Omba jina la aliyekuhudumia na namba ya ombi.

Hatua ya tano: stetimenti kabla ya kutoa hata shilingi

Ikiwa wazi, usikimbilie kutoa. Omba stetimenti kuanzia siku ya mwisho uliyoitumia mpaka leo. Ya shemeji ilikuwa fupi na inasomeka hivi: aliacha 9,500. Ada ya 2,500 kila mwezi, ikakatwa miezi 12, jumla 30,000, kwa hiyo salio likashuka mpaka chini ya sifuri kwa 20,500, hapo akaunti ikahesabiwa imelala na makato yakasimama. Miaka kimya. Halafu mstari mmoja, 763,250 kutoka kwa kampuni. Salio, 742,750.

Angalia vitu hivi: makato yalisimama lini (kama akaunti ililala na makato yakaendelea, uliza yako kwenye kitabu gani cha ada), kuna rejesho la mkopo usioujua, na kuna hela imetoka baada ya mshahara kuingia. Hili la mwisho ukiliona usiondoke pale, andika malalamiko kwa maandishi muda huo huo. Malalamiko yanaanzia kwa benki yenyewe, wakikuzungusha ndipo unaenda dawati la malalamiko la Benki Kuu, na watakuuliza kwanza benki yako ilikujibu nini, kwa hiyo lile jibu lao litunze.

Kutoa, mimi nashauri uhamishe kwenda akaunti yako ya sasa kuliko kubeba keshi, inaacha alama na mhasibu akitaka kufunga faili lake unampa karatasi moja. Shemeji alihamisha, makato ya kuhamisha 5,000, ikamfikia 737,750. Kodi ya nyumba alishachelewa, lakini mwenye nyumba alionyeshwa slipu na stetimenti akaelewa.

Sasa zile 25,500 zilizopungua, nani alipe? Shemeji alitaka kampuni ilipe zote. Yule mama akakubali 5,000 ya kuhamisha, akamtolea kwenye peti kashi akamsainisha vocha, ila 20,500 akakataa: "Hilo deni la ada ni lako baba, ungeifunga akaunti yako ulivyoondoka lisingekuwepo, sisi tumelikuta tu." Shemeji alinuna wiki nzima ila mimi niko upande wa mama. Ada ile alidaiwa yeye hata mshahara usingepita pale. Ingekuwa benki imekata kitu kwa sababu ya ule mshahara wenyewe, hapo ningesimama naye.

Mwajiri akikataa kusaidia kabisa

Wapo wanaokwambia "hela iko kwenye akaunti yako, jitegemee", na mwezi unaofuata wanatuma kule kule. Andika barua, taja ile fomu yenye muhuri na kile kifungu cha 27, omba malipo yaende akaunti uliyoitaja. Kimya kikiendelea, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wanapokea migogoro ya mshahara, lakini kuna siku 60 tangu mgogoro uanze, ukipitiliza unaanza kwanza kuomba uruhusiwe kuchelewa. Kwa hiyo usikae miezi unabembeleza kwa simu. Kwa mtumishi wa serikali anzia kwa afisa utumishi wako, maana mabadiliko ya akaunti yanapitia kwake na siyo kwa mhasibu wa kituo.

Hatua ya mwisho: akaunti ile uifunge au uiache

Usiifunge siku ile ile uliyotoa hela. Subiri mshahara wa mwezi unaofuata uingie sehemu sahihi kwanza, maana kama mfumo haujarekebishwa na umeshafunga, hela itazunguka kwenda na kurudi na wewe unasubiri. Shemeji aliweka 10,000 ndani, slipu ya mwezi uliofuata ikaja na benki mpya na cheo sahihi, meseji ikaingia kwenye simu yake mwenyewe, ndipo akarudi kufunga.

Kufunga ni barua au fomu, rudisha kadi, ulizia kama kuna ada ya kufunga (yeye walimkata, kilichobaki akapewa dirishani), na usiondoke bila karatasi inayosema akaunti imefungwa tarehe fulani. Nakala ya karatasi hiyo mpelekee mhasibu aiweke kwenye faili lako. Yule mama alipoipokea alienda kwenye mfumo akaifuta ile rekodi ya 2014 mbele ya macho ya shemeji, halafu akamwambia awaite na wale wenzake wengine walioondoka wakarudi, waje na slipu zao.